Stendi ya TV Huchaguliwa kwa Miguu, Si kwa Inchi

Ingia duka lolote la fanicha useme una TV ya inchi 55, muuzaji atagonga ubao wa stendi iliyo karibu naye na kukuambia, "Hii inabeba mpaka 65, kaka." Huenda hadanganyi. Shida ni kwamba inchi 65 si kipimo cha kitu kinachokaa juu ya meza. Inchi za TV hupimwa kwenye kioo, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili. Kinachokaa juu ya meza ni miguu, na upana wa miguu ya TV mbili za inchi 55 unaweza kutofautiana kwa sentimita 40 au zaidi: moja ina kitako kimoja katikati, nyingine ina miguu miwili iliyosogezwa karibu na ncha. Stendi ile ile itaipokea ya kwanza na kuikataa ya pili.

Kwa hiyo tunaanza na miguu, kisha upana wa kioo, kisha uzito. Utaratibu huu unaokoa muda, kwa sababu stendi nyingi zitaanguka kwenye jaribio la kwanza na hutahitaji kuuliza zinabeba kilo ngapi.

Neno moja kuhusu maneno yenyewe. Hapa tukisema upana tuna maana ya kutoka kushoto kwenda kulia unapoitazama TV, na kina ni kutoka ukingo wa mbele wa meza kuelekea ukutani. Mafundi seremala wengi huita huo upana "urefu", na kina wakakiita "upana". Ukiagiza kwa simu bila kufafanua, unaweza kuletewa kitu kingine kabisa. Chora mstatili kwenye karatasi, andika namba kwenye kila upande, mtumie picha.

Hatua ya 1: Pima miguu, nje kwa nje

Kama TV iko nyumbani, kazi ni rahisi. Shika futi ya kupimia, weka mwanzo wake kwenye ukingo wa nje kabisa wa mguu wa kushoto, vuta hadi ukingo wa nje kabisa wa mguu wa kulia. Usipime katikati ya mguu hadi katikati ya mwingine. Miguu mingi ya siku hizi ina umbo la V iliyogeuzwa, na vidole vyake vya mbele huenda vimetanuka kuelekea nje kuliko vya nyuma. Chukua sehemu iliyotoka zaidi.

Kisha pima kina cha mguu mmoja, kutoka ncha ya kidole cha mbele hadi ncha ya kidole cha nyuma. Kwa TV za sebuleni mara nyingi utapata kitu kati ya sentimita 20 na 30. Watu husahau kipimo hiki, halafu wananunua stendi nyembamba ya kina cha sentimita 30 na kukuta vidole vya mbele vimefika ukingoni hasa, huku nyuma plagi ya waya inasukuma ukuta.

Kama TV bado hujainunua, pima ile iliyowekwa dukani kwa maonyesho. Ukishindwa, tafuta kitabu cha maelekezo cha modeli hiyo hiyo. Karibu na kurasa za vipimo huwa kuna mchoro wa TV ikitazamwa kwa mbele, na mishale chini yake. Angalia mshale umeanzia wapi: ukingo wa nje wa mguu, au katikati yake. Na hakikisha namba ya modeli ni ile ile herufi kwa herufi. Kampuni moja inaweza kutoa TV mbili za ukubwa mmoja katika mwaka mmoja zenye miguu tofauti kabisa.

Kabla ya kuandika namba yako ya mwisho, geuza macho chini ya TV. Modeli nyingine zina matundu ya skrubu ya jozi mbili, ya nje na ya ndani, ili uchague miguu iachane sana au kidogo. Ikiwa yako ni hivyo, andika vipimo vyote viwili. Ikiwa haina, usitoboe matundu yako mwenyewe. Ndani ya plastiki hiyo kuna chuma kilichowekwa sehemu zile tu zilizokusudiwa kubeba mzigo, na kwingineko ni ganda tupu.

Sasa fanya jambo dogo litakalokusaidia kuliko namba zote. Chukua boksi la TV au boksi lolote kubwa, likate kipande chenye upana wa miguu nje kwa nje na kina cha mguu. Chora juu yake mahali miguu inapokanyaga. Kikunje katikati, ubebe dukani. Badala ya kupiga hesabu mbele ya muuzaji, unakilaza juu ya kila stendi na kuona kwa macho. Kipande kikae chote juu ya ubao ulio bapa, na kila upande kibakishe angalau sentimita 5 hadi ukingoni. Tunasema "ulio bapa" kwa sababu stendi nyingi zina kingo zilizochongwa kwa mteremko au kuviringishwa, na sentimita 2 za mwisho za ubao huwa si za kukanyagia. Mguu wa TV ukikaa nusu juu ya mteremko hauanguki siku ile. Huteleza milimita kwa milimita kila mtu anapofuta vumbi.

Kwa kina, acha sentimita 5 hadi 8 nyuma ya TV kwa ajili ya plagi na mkunjo wa waya, na angalau sentimita 3 mbele ya vidole. Mguu wa sentimita 25 kwa hiyo unataka stendi ya kina cha sentimita 35 kwenda juu. Arobaini ni salama kwa TV nyingi.

Hatua ya 2: Linganisha upana wa kioo na wa stendi

Hapa inchi zinarudi, lakini zikiwa zimegeuzwa. Kioo cha kawaida kina uwiano wa 16 kwa 9, kwa hiyo upana wake ni inchi zake mara 2.21, jibu likiwa kwa sentimita. TV ya 43 inatoka na upana wa kioo wa karibu sentimita 95, ya 55 karibu 122, ya 65 karibu 144. Ongeza sentimita moja au mbili za fremu.

Kosa la kawaida ni kugeuza inchi 55 moja kwa moja kuwa sentimita 140 na kudhani huo ndio upana wa TV. Kosa la upande wa pili hufanywa na wauzaji: mwingine akisema "stendi ya inchi 55" ana maana ubao wake una inchi 55, yaani sentimita 140, na mwingine ana maana TV ya 55 inakaa hapo. Muulize kwa sentimita, au toa futi yako mfukoni. Hakuna atakayekasirika.

Stendi isiwe nyembamba kuliko TV. Miguu ikikaa sawasawa, TV iliyochomoza kidogo nje ya stendi haitaanguka kwa sababu hiyo pekee, ila kona yake inabaki hewani kwenye usawa wa bega la mtoto anayekimbia, au njiani kwa mtu anayepita na ndoo. Kona ya kioo ndiyo sehemu dhaifu zaidi ya TV nzima. Sentimita 5 hadi 10 za ziada kila upande zinatosha, na zikizidi hapo ni suala la mapambo na ukubwa wa sebule.

Hatua ya 3: Uzito, na mahali unapokaa

Hatua hii ndiyo yenye mambo, kwa hiyo twende taratibu.

Anza na uzito wa TV. Kwenye boksi mara nyingi kuna namba mbili: G.W. ni uzito pamoja na boksi na vifungashio vyake, N.W. ni uzito bila boksi. Unayohitaji ni ya TV ikiwa na miguu yake. TV za LED za kisasa si nzito kama watu wanavyodhani: ya 43 huwa na kilo 7 hadi 10, ya 55 kati ya 12 na 18, ya 65 mara nyingi inavuka 20. Jumlisha kila kitu kingine kitakachokaa kwenye ubao huo huo wa juu: saundibaa, king'amuzi, chombo cha maua kilichojaa maji. Vinavyokaa kwenye rafu za chini havihesabiwi hapa, kwa sababu rafu huwa na kiwango chake.

Jumla hiyo izidishe kwa 1.5. Stendi iwe imeandikiwa kubeba angalau kilo hizo kwenye ubao wa juu. Nusu ya ziada ina sababu. Kiwango cha kiwandani hudhani mzigo umetandazwa sawasawa juu ya ubao wote, kama vile umemwaga mchanga. TV haikai hivyo. Inakanyaga sehemu mbili ndogo, au moja. Halafu kuna mkono wa mtu anayeegemea akichomeka waya nyuma, na kuna muda wenyewe: ubao wa maranda yaliyogandamizwa na wa MDF hubonyea polepole kwa miezi chini ya mzigo usioondoka, na zaidi ukikaa kwenye hewa yenye unyevu kama ya pwani.

Sasa turudi kwenye miguu, maana hapa ndipo inapokutana na uzito. Fikiria ubao uliolazwa juu ya matofali mawili, moja kila ncha. Ukisimama katikati, unabonyea. Ukisimama juu ya tofali, haubonyei hata kidogo. TV yenye miguu miwili mipana inasimama karibu na matofali. Inataka stendi pana, lakini haiusumbui ubao. TV yenye kitako kimoja katikati ni kinyume chake: inaingia karibu kwenye stendi yoyote, ila uzito wake wote unakaa pale ambapo ubao una nguvu kidogo zaidi. Ndiyo maana watu wenye TV ya kitako ndio wanaolalamika kwamba meza imebonyea, ingawa TV yao ina uzito ule ule.

Ukiwa na TV ya kitako, kitu cha kwanza kutafuta ni nguzo au ukuta wa ndani unaoshika ubao wa juu katikati. Umbali kati ya nguzo ukipungua kwa nusu, mbonyeo wa mzigo ule ule katikati yake unapungua mara nane. Unene nao unasaidia: ubao wa milimita 18 ni mgumu kwa zaidi ya mara moja na nusu ukilinganisha na wa milimita 15 wa aina hiyo hiyo. Lakini kati ya kuongeza unene na kuongeza nguzo ya kati, nguzo ni nafuu na ina nguvu zaidi. Fundi akikuambia ataweka ubao mzito na kuacha nafasi ya mita moja na nusu wazi "ili ipendeze", mwambie aweke nguzo.

Mwenye miguu mipana anaangalia kitu kingine: miguu ya stendi yenyewe iko wapi? Stendi nyingi za mtindo wa kisasa zina miguu minne iliyoingizwa ndani, sentimita 20 au 25 kutoka kila ncha, na ubao umening'inia pande zote mbili. Miguu ya TV ikitua kwenye sehemu hizo zinazoning'inia, uzito unakuwa nje ya nguzo. Kila mara mtu anapoinua upande mmoja wa TV kufuta vumbi, au kuegemea ncha ya ubao, skrubu zinazoshika miguu ya stendi zinavutwa kama msumari unavyong'olewa kwa nyundo. Baada ya mwaka zinalegea ndani ya MDF, na skrubu ikishalegea kwenye MDF haikazi tena vizuri kwenye tundu lile lile. Chagua stendi ambayo miguu ya TV inatua juu ya nguzo au ndani ya nguzo.

Kama stendi haina maandishi yoyote ya kilo, kama zilivyo nyingi za fundi wa mtaani, ijaribu kwa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. TV ya kilo 15 na saundibaa ya kilo 3 zinataka jaribio la kilo 27. Chukua madumu mawili, weka lita 13 hadi 14 katika kila moja, na yaweke pale pale miguu ya TV itakapokanyaga. Kwa kitako kimoja, yaweke yote mawili katikati. Tanguliza kipande cha boksi ili yasikwaruze. Kisha vuta uzi kutoka ncha hadi ncha juu ya ubao, ukaze, na utazame pengo kati ya uzi na ubao katikati. Kwenye stendi ya mita moja na kitu, pengo la milimita moja si neno. Likifika milimita 3 siku ya kwanza, macho yataliona, na litaendelea kukua.

Madumu yakiwa bado juu, weka kiganja kwenye kona ya stendi na uisukume polepole kushoto na kulia. Inayoyumba pembeni kwa kawaida haina ubao wa nyuma, au ubao wa nyuma ni ule mwembamba uliopigwa pini na kukatwa tundu kubwa la waya. Ubao huo wa nyuma unaonekana kama pazia tu, lakini ndio unaozuia mstatili wa stendi usilale upande.

Mfano mmoja hadi mwisho

Tuseme TV ni ya inchi 55. Ukipima unapata mwili wenye upana wa sentimita 123.5, miguu sentimita 102 nje kwa nje, kina cha mguu sentimita 24, uzito na miguu kilo 15.2. Saundibaa ina kilo 2.8. Jumla kilo 18, mara 1.5 ni kilo 27. Dukani kuna stendi tatu.

Ya kwanza ina upana wa sentimita 100 na imeandikwa kilo 50. Kipande cha boksi kinachomoza sentimita moja kila upande. Imekwisha hapo, kilo zake hazina kazi.

Ya pili ina sentimita 120, kilo 35, miguu minne ya mbao iliyoingia ndani sentimita 25 kutoka kila ncha. Boksi linakaa, likibakisha sentimita 9 kila upande. Kilo zinatosha. Lakini miguu ya TV inatua nje kabisa ya miguu ya stendi, na kioo kinachomoza karibu sentimita 2 kila upande. Hii ndiyo stendi ambayo wengi wangeinunua, kwa sababu kwenye karatasi imefaulu.

Ya tatu ina sentimita 140 kwa kina cha 40, ubao wa milimita 18, kuta mbili za ncha na nguzo mbili za ndani, kilo 30. Miguu ya TV inaanzia sentimita 19 kutoka kila ncha, kati ya ukuta na nguzo ya ndani. Kioo kinabakiza zaidi ya sentimita 8 kila upande. Kwenye kina, sentimita 24 za mguu na 8 za waya nyuma zinaacha 8 mbele. Saundibaa yenye kina cha sentimita 10 haitakaa mbele ya miguu, kwa hiyo pima tena, safari hii ndani kwa ndani kati ya miguu, na urefu wa uwazi chini ya kioo. Ikiwa kati ya miguu kuna sentimita 94 na uwazi wa 7, saundibaa ya 90 kwa 6 inaingia katikati bila kuziba kioo. Hiyo ndiyo ya kuchukua.

Ukiwa tayari una stendi na miguu haiingii

Usilaze ubao mpana juu ya stendi nyembamba na kuuacha hivyo hivyo. Ubao usiofungwa huinuka upande mmoja ukibonyezwa upande wa pili, na TV huteleza nao. Njia nzuri zaidi ni kuondoa miguu ya TV na kununua kitako cha mezani kinachofungwa kwenye matundu manne ya nyuma ya TV. Matundu hayo hufuata vipimo vya VESA, na husomwa kwa milimita: VESA 300x200 ina maana matundu yameachana milimita 300 kwa upana na 200 kwa kwenda juu. Kitako unachonunua kiwe kinakubali namba hiyo na uzito wa TV yako, na skrubu ziwe za kipenyo na urefu uliotajwa kwenye kitabu cha TV. Skrubu ndefu mno inaweza kugusa vitu vya ndani. Fupi mno hushika kwa meno mawili au matatu tu.

Kumbuka tu kwamba ukishafanya hivyo, TV yako imehama kutoka kundi la miguu mipana na kuingia kundi la kitako. Uzito wote sasa uko katikati ya ubao. Rudia jaribio la madumu, safari hii yote mawili yakiwa katikati.